Advansi ya nusu kwa nusu inavyomponza fundi

Nilimaliza makabati ya jikoni kwenye nyumba moja Kigamboni saa kumi na moja jioni, nikafuta vumbi kwenye graniti kwa fulana yangu kuukuu, nikampigia mwenye nyumba. Akaja. Akafungua droo moja moja, akazifunga, akapitisha kiganja juu ya jiwe, akasifu. Kisha akasema, "Fundi, nivumilie mpaka Jumatatu, kuna hela naisubiri." Jumatatu ile ikazaa Jumatatu nyingine, nazo zikazaa wajukuu. Kazi ilikuwa ya shilingi 6,000,000. Nilikuwa nimepokea 3,000,000 mwanzoni, na katika 3,000,000 zilizobaki niliambulia laki tatu.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa mzembe. Nilichukua advansi, tena nusu nzima, kama afanyavyo karibu kila fundi wa samani pale Keko. Nusu kabla, nusu baada, ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Ilinichukua muda kukaa na daftari nione kosa lilikuwa wapi, na nilipoliona nilicheka kwa hasira: nusu ile ilikuwa kubwa kuliko nilivyohitaji siku ya kwanza, na ndogo kuliko nilivyohitaji siku ya mwisho.

Nikupitishe kwenye daftari hilo, maana hapo ndipo mambo yote yalipo.

Kazi ile ilikuwa na hatua nne. Ya kwanza ni kununua mbao za MDF, kuzikata kwa vipimo na kuzibandika utepe wa kingo. Hiyo ilikula 1,800,000. Ya pili ni kuunganisha masanduku ya makabati karakanani na kuyafunga bawaba, reli za droo na vitasa: vifaa 800,000, posho za vijana wawili 500,000, jumla 1,300,000. Ya tatu ni kupakia, kusafirisha na kufunga ukutani: kirikuu na kivuko 150,000, vijana 300,000, jumla 450,000. Ya nne ni graniti. Hii haikatwi mpaka makabati ya chini yakae mahali pake, kwa sababu ukuta wa nyumba zetu haunyooki na jiwe likikatwa kwa vipimo vya kwenye mchoro litaacha uwazi au halitaingia kabisa. Graniti ilikuwa 1,000,000. Jumla ya gharama 4,550,000. Faida yangu, pamoja na jasho langu mwenyewe, 1,450,000.

Sasa weka zile 3,000,000 za mwanzo juu ya hatua hizo. Baada ya hatua ya kwanza nilikuwa nimetumia 1,800,000, kwa hiyo mkononi nilibaki na 1,200,000 za mteja. Yeye ndiye aliyekuwa ananidai. Baada ya hatua ya pili nilikuwa nimetumia 3,100,000: nimeshaingiza 100,000 ya mfukoni. Baada ya ya tatu, 550,000. Graniti ilipowekwa, nilikuwa nimetumbukiza 1,550,000 za kwangu ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na kila kitu kilikuwa kimefungwa ukutani kwa skrubu na gundi.

Angalia mwelekeo. Hatari ilikuwa inapanda kila siku, na ilifika kileleni saa ile ile ambayo nguvu yangu ilifika sifuri. Kabati likiwa karakanani ni langu mpaka nilitoe. Likishafungwa ukutani limekuwa sehemu ya jiko lake. Siwezi kurudi usiku na drili kulifungua. Nikifanya hivyo mimi ndiye nitakayelala polisi, na deni langu halitanitetea. Na hata angeniruhusu, kabati lililokatwa kufuata kona za jiko lile nitamuuzia nani?

Kwa hiyo swali la kujiuliza kila asubuhi ya kazi ni hili: leo, kazi ikisimama hapa hapa, hela ya nani iko mkononi mwa nani, na kitu chenyewe kiko kwa nani? Ukiijua hesabu hiyo kwa kila hatua, asilimia zitajipanga zenyewe.

Kazi hiyo hiyo ya 6,000,000 leo naigawa hivi. Kabla sijanunua ubao, 2,400,000, ambayo ni asilimia 40. Makabati yakiwa yameunganishwa karakanani, mteja ameyaona, kabla hayajapanda gari, 1,800,000. Makabati ya chini na ya juu yakiwa yamefungwa ukutani, kabla sijaagiza graniti, 1,200,000. Siku ya kukabidhi, 600,000.

Fuata tena hesabu. Baada ya mbao, bado nina 600,000 ya mteja. Baada ya kuunganisha nimetumia 3,100,000 na nimepokea 2,400,000, kwa hiyo nimeingiza 700,000 za kwangu. Hiyo ndiyo siku pekee niko kwenye hasara katika kazi nzima, na siku hiyo mzigo uko ndani ya karakana yangu, umefungiwa kwa kufuli langu. Isitoshe, bawaba, reli na vitasa vya 800,000 vinafunguka kwa bisibisi na kwenda kwenye kazi nyingine. Nikilipwa awamu ya pili nakuwa nimepokea 4,200,000. Nikifunga ukutani nimetumia 3,550,000. Awamu ya tatu inafikisha 5,400,000, naagiza graniti, gharama zote zinafika 4,550,000. Pale jikoni, jioni ile ile ya "nivumilie mpaka Jumatatu", sasa ninadai 600,000 tu, na zote ni faida. Akinikimbia nimepoteza laki sita na nimeondoka na 850,000. Inauma, lakini vijana wamelipwa na duka la mbao halinidai.

Utaona kwamba advansi imepungua, kutoka nusu hadi asilimia 40, na bado niko salama kuliko mwanzo. Ndiyo maana simshauri mtu apiganie kuongeza advansi kama ndiyo dawa. Advansi ya asilimia 70 inamtisha mteja mwaminifu, na mteja asiye mwaminifu bado anaweza kukuangusha kwenye zile 30. Kinachokulinda ni mahali ulipoiweka milango, yaani zile sehemu ambapo kazi haisogei mpaka ulipwe. Mlango muhimu kuliko yote ni ule wa kabla ya kitu kutoka mikononi mwako kwenda mahali ambapo hakirudi.

Mahali hapo si pale pale kwa kila kazi. Mshonaji ana bahati: suti au gauni linabaki dukani mpaka siku ya kuchukua, kwa hiyo anaweza kuacha hata nusu ya pesa mwishoni bila wasiwasi mkubwa, mradi kitambaa kimelipiwa. Anayetengeneza tovuti hupita mlango wake siku tovuti inapohamia kwenye akaunti ya mteja na nywila kukabidhiwa. Fundi wa plasta ana shida kuliko sote, kwani kila mwiko wa udongo anaoupiga umeshakuwa mali ya mwenye ukuta. Yeye hana karakana ya kuzuilia kitu. Kinga yake ni vipande vifupi: alipwe chumba kwa chumba, au kila Jumamosi kwa eneo lililopimwa, ili atakayemdhulumu amdhulumu chumba kimoja na si nyumba.

Asilimia ya mwanzo nayo siipati kwa kukisia. Najiuliza ni kiasi gani nitakuwa nimetumia kufikia mlango wa pili, kisha natoa vile ninavyoweza kuvirudisha dukani au kuvitumia kwingine, kisha naangalia mfuko wangu unaweza kubeba pengo gani bila watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kwa kazi ya makabati 2,400,000 inatosha. Kwa lango la chuma ambalo karibu gharama yote ni mabomba na mabati ya siku ya kwanza, asilimia 40 haitoshi, na kuomba 60 si tamaa.

Awamu zenyewe zinahitaji maneno yaliyonyooka. Niliwahi kuandika "malipo ya pili kazi ikifika nusu", nikajitafutia ugomvi. Nusu ya nini? Kwangu mimi makabati yakisimama karakanani kazi imevuka nusu. Kwa mteja anayetazama jiko tupu, hata robo haijafika. Awamu iwe tukio ambalo watu wawili wakisimama mbele yake hawabishani kama limetokea: masanduku yote tisa yameunganishwa, milango imening'inizwa, droo zinatembea. Kitu unachoweza kukipiga picha.

Tena tukio hilo liwe mikononi mwako. Ukiandika kwamba awamu ya pili utalipwa makabati yakishafungwa ukutani, umemkabidhi ratiba yako fundi wa vigae, fundi umeme na yeyote mwingine ambaye hajamaliza jiko. Nimewahi kukaa na mzigo wiki tano nikisubiri vigae vya mtu, karakana imejaa, sina pa kuweka kazi mpya, na mteja ananiambia kwa upole kabisa kwamba bado hatujafika kwenye awamu. Alikuwa sahihi, kwa maandishi yangu mwenyewe. Siku hizi naandika kwamba awamu ya pili inadaiwa makabati yakiwa tayari karakanani, iwe nyumba iko tayari kuyapokea au haiko.

Mabadiliko ya katikati yana njia yao. Mteja akiona kazi karakanani atataka droo mbili zaidi, au rafu ya chupa. Vizuri. Ina bei yake, inalipwa yote kabla, na haigusi zile awamu nne. Ukiichanganya ndani, mwisho wa kazi hakuna atakayekumbuka deni ni kiasi gani, na asiyekumbuka huwa ni yule anayedaiwa.

Makubaliano yangu yanaingia kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp, na naomba mteja ajibu "nimekubali" kabla sijatoa namba ya malipo. Unasomeka karibu hivi:

"Makabati ya jikoni kwa mchoro wa tarehe 4, masanduku 9, droo 6, MDF ya milimita 18, graniti nyeusi. Bei 6,000,000. Bei hii inadumu siku 14; ukishalipa awamu ya kwanza haipandi. Malipo: 2,400,000 kabla ya kununua mbao, 1,800,000 makabati yakiwa tayari karakanani na umeyaona, kabla ya kupakia, 1,200,000 yakiwa yamefungwa, kabla ya kuagiza graniti, 600,000 siku ya kukabidhi. Kazi inaendelea hatua inayofuata baada ya malipo ya hatua iliyotangulia kuingia. Muda ni siku 21 za kazi tangu awamu ya kwanza. Siku za kusubiri malipo hazihesabiwi. Ukiahirisha au kuvunja, nitakata gharama ya vilivyonunuliwa na kukatwa pamoja na siku zilizofanyiwa kazi, kinachobaki nitakurudishia."

Mahakamani makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, Sheria ya Mikataba haidai kila kitu kiwe kwenye karatasi. Shida ni kuthibitisha. Ujumbe wenye tarehe na neno "nimekubali" unakuondolea nusu ya kazi hiyo.

Lile sharti la mwisho, la kuvunja kazi, lina kisa chake, na kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Pesa ya mwanzo tunaiita kwa majina mengi tukidhani ni kitu kimoja. Madalali na washabiki wa mpira wanasema kishika uchumba. Mafundi tunasema advansi. Wazee wa pwani wana neno arabuni, au rubuni, lililotoka kwenye Kiarabu, na waliosoma Biblia wanalijua kutoka Waefeso. Arabuni kwa maana yake ya asili ni pesa ya kufunga neno: ukinunua inaingia kwenye bei, ukijitoa imepotea. Advansi ni sehemu ya bei iliyotangulia tu, na kazi ikivunjika kuna hesabu ya kufanya.

Tofauti hiyo inaleta ugomvi. Fundi aliyepokea 2,400,000 akaandika "hairudishwi" anadhani amepata arabuni. Mteja anadhani ametoa advansi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata ile ya India ya mwaka 1872, hutazama fidia inayolingana na hali halisi. Kiasi mlichoandika kama adhabu kinakuwa dari tu, na mahakama inaweza kutoa pungufu. Na kwa mteja Mwislamu kuna jambo jingine: madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa zaidi pwani, pamoja na Hanafi na Maliki, hayaikubali biashara ya arabuni inayoliwa bila kazi, ilhali Hanbali wanairuhusu. Nimewahi kukataliwa kazi Magomeni kwa neno "hairudishwi" peke yake. Nilipoliondoa nikaweka hesabu ya gharama halisi, mzee yule yule akanipa kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mteja amelipa 2,400,000, nimenunua mbao na kukata, kisha anapiga simu kwamba nyumba imeuzwa. Nilitumia 1,800,000. Mbao tano bado nzima, za 500,000, nitazitumia kwingine. Siku mbili za mimi na kijana, 100,000. Nakata 1,400,000, namrudishia 1,000,000, na nampigia picha vipande vilivyokatwa pamoja na risiti za duka. Akivitaka vipande avichukue, amevilipia.

Hapo lazima niseme la upande wa pili, kwa sababu mteja anayesita kutoa advansi ana sababu, na sababu hiyo ni sisi. Kila mtu Dar anamjua fundi aliyekula advansi. Mara nyingi hakuwa mwizi. Alichukua pesa ya mama wa Mbezi akamalizia kazi ya baba wa Tabata, kwa sababu pesa ya baba wa Tabata ilimalizia ya mtu wa kabla yake. Mnyororo ule unaenda vizuri mpaka mwezi usiokuwa na mteja mpya, na hapo anayesimama mwisho wa foleni anakosa mbao na hela. Fundi anayelipwa nusu kwa nusu husukumwa kwenye mnyororo huo bila kujua: kazi yoyote inayomwacha na pengo la 1,550,000 lazima pengo hilo lizibwe na advansi ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nampa mteja njia ya kuniona. Anayesita kabisa namwambia twende naye duka la mbao, alipie mbao mwenyewe moja kwa moja, risiti kwa jina lake, nami anipe kidogo cha kukata na kubandika. Wengi hawaji. Wakishajua wanaweza kuja, wanatuma. Na asilimia 10 ya mwisho naiacha makusudi mkononi mwake. Bawaba ikilia au mlango ukipinda anajua nitarudi, kwani laki sita zangu ziko kwake. Wakandarasi wakubwa nao huzuiliwa sehemu ya malipo mpaka kasoro zirekebishwe. Tofauti ni kwamba wao wakichukua malipo ya awali huwekewa dhamana na benki, na mimi sina benki ya kunisimamia.

Mteja akiniuliza, "Kwani fundi huniamini?" zamani nilikuwa nababaika. Sasa namjibu hivi: "Mama, nakuamini, ndiyo maana naanza na pungufu ya nusu. Hizi awamu zinakulinda na wewe. Usilipe ya pili mpaka uje uone kabati limesimama." Mara nyingi hapo hapo uso unalegea. Mbishi zaidi ni yule anayesema atalipa yote kwa mkupuo kazi ikiisha, tena ataongeza na ya soda. Mtu anayebishana bei ni mteja wa kawaida. Anayeikubali bei haraka bila kuuliza, kisha anabishana kuhusu siku ya kulipa tu, huyo namwangalia mara mbili. Namwangalia pia anayetoa maagizo wakati mfuko uko kwa mwingine: kaka yuko Muscat, mume yuko safarini. Hapo naomba makubaliano yaende kwa mwenye mfuko, na neno "nimekubali" litoke kwake.

Lakini kinachoharibu mpango huu mara nyingi si mteja. Ni fundi mwenyewe kupita mlango kabla haujafunguliwa. Naujua mtego huo kwa sababu nimeuingia baada ya kuwa na mpango mzuri kwenye karatasi: nilishamweka mwenye kirikuu saa moja asubuhi, vijana wamefika, mteja anasema, "Pakieni tu, mimi nitatuma mkiwa njiani." Nikapakia, kwa kuona aibu ya kuwarudisha vijana. Kilichotumwa tukiwa njiani kilikuwa 400,000 badala ya 1,800,000. Tangu siku hiyo simuiti mwenye gari kabla pesa haijaingia, na sinunui bawaba za kazi inayofuata kwa ahadi ya awamu ya kazi hii. Ukishaingia gharama ya hatua inayofuata, mlango umeufungua wewe.

Na "imeingia" ina maana moja: nimefungua menyu ya simu yangu mwenyewe nikaona salio limepanda. Ujumbe wa muamala unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu na vidole, na picha ya karatasi ya benki inatengenezwa kwa dakika tano. Hata muamala wa kweli mtumaji anaweza kupiga kwa kampuni ya simu akadai alikosea namba, pesa ikazuiliwa. Hapo ndipo yale majibu ya WhatsApp yanaponifaa tena: kila awamu ikiingia namwandikia, "Nimepokea 1,800,000, awamu ya pili ya makabati, imebaki 1,800,000," naye anajibu. Akitaka kudai alikosea namba, ana mazungumzo yake mwenyewe ya kuyajibu. Hundi naipokea, ila nasubiri benki iseme pesa imekaa.

Michoro nayo: natoa picha ya jumla bure, lakini mchoro wenye vipimo na orodha ya kukatia mbao unatoka baada ya awamu ya kwanza. Usipofanya hivyo utakutana na mchoro wako karakana ya jirani, ukiwa na bei ndogo.

Mwaka jana nilipata mteja mwingine, nyumba ya ghorofa moja, jiko na makabati ya nguo. Awamu ya kwanza ililipwa siku hiyo hiyo. Makabati yaliposimama alikuja, akayapiga picha, akasema yuko tayari ila benki inamsumbua, basi tumpelekee, atamalizia huko huko. Nilimwambia yatamsubiri, yamefunikwa nailoni, hayatapata vumbi. Alikasirika. Alimpigia hata mtu aliyenileta kwake. Makabati yalikaa siku 19, mimi nikifanya kazi nyingine kwenye nusu ya karakana iliyobaki, na pengo langu kwenye daftari lilikuwa lile lile, halikuongezeka hata shilingi. Siku ya 20, saa mbili asubuhi, simu ikalia ujumbe. Nikafungua menyu, nikaangalia salio, ndipo nikampigia mwenye kirikuu.